Alama Sita za Swali la Saba

Kama kuna kitu kinachonitoa roho, ni mtu kuulizwa swali moja akajibu jingine. Nimefundisha elimu ya dini kidato cha tano na cha sita miaka kumi na tisa, na nusu ya miaka hiyo nadhani nimeitumia kuandika pembeni mwa karatasi za watu: hukuulizwa hili. Wanafunzi wananiita Mama Nusu, kwa sababu natoa nusu alama na nakata nusu alama. Wanadhani sijui. Najua, na jina lenyewe sina ugomvi nalo. Anayeliogopa aandike jibu zima.

Mwaka huu aliyenichosha kuliko wote alikuwa analala nyumbani kwangu. Ni mtoto wa mdogo wangu, anayeniita Mama mkubwa tukiwa jikoni na Mwalimu tukivuka geti la shule. Baba yake, shemeji yangu, ni mhubiri wa kanisa la walokole, na binti amerithi sauti ya baba na ubishi wa upande wetu. Darasani wenzake walimpachika jina la Mhubiri kabla hajamaliza wiki. Ana akili, hilo silipingi. Shida yake ni kwamba kila swali kwake ni mimbari.

Mada ilikuwa neema na matendo katika wokovu, ambayo kila mwaka haikosi kwenye mtihani wa mwisho. Ni maswali ya majibu mafupi, mistari sita hadi minane, na hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu mistari sita haina nafasi ya kuzunguka. Mimi huanza na kitenzi cha swali. Ukiambiwa taja, taja, uweke nukta, uende zako. Ukiambiwa eleza, sema jambo na sababu yake. Ukiambiwa linganisha, lazima pande zote mbili ziwe ndani ya jibu lako, zinapokubaliana na zinapoachana, na neno kama "ilhali" au "bali" liwe katikati. Tathmini peke yake ndiyo inayokuomba maoni yako. Kwingine kote maoni yako yabaki mfukoni.

Sasa niliuliza swali dogo tu la mazoezi, la alama nne: linganisha jinsi Paulo na Yakobo wanavyomtumia Ibrahimu. Jibu linajulikana. Paulo anasema Ibrahimu alihesabiwa haki kwa kuamini, kabla hajatahiriwa na kabla hajafanya lolote la kujivunia. Yakobo anamchukua Ibrahimu huyo huyo siku alipomweka mwanawe juu ya madhabahu, anasema tazameni, imani yake ilikamilishwa na alichokitenda. Paulo anazungumza na watu wanaodhani sheria itawapatia haki, ilhali Yakobo anazungumza na watu wanaodhani kusema "naamini" kunatosha huku jirani yao ana njaa. Hapo alama nne umezibeba.

Mhubiri akaandika ukurasa mzima na nusu kwamba mwanadamu haokolewi kwa jitihada zake, kwamba wako wanaodanganywa na dini za matendo, na kwamba msomaji afungue moyo wake leo. Msomaji ni mimi. Nilimpa moja.

Nyumbani nilimweka kitako mezani, sahani hazijaondolewa bado, nikamwambia kwa herufi kubwa. Mtihani haumuulizi anaamini nini. Unamuuliza kama anajua wenzake wanaamini nini. Akasema anaona vigumu kuandika uongo kwa mkono wake. Nikamuuliza nani kamwambia aandike uongo. Akasema kuandika mafundisho ya Wakatoliki bila kuyapinga ni kama kuyakubali, na akaangalia pembeni, maana mimi ni Mkatoliki na chakula alichokuwa amekula kilikuwa cha Mkatoliki.

Ndipo nilipompa kanuni yangu, ambayo nawapa wote na ninaiandika ubaoni kila muhula. "Andika msimamo wa mtu hivi kwamba yeye mwenyewe akiusoma atasema, ndiyo, huyu ni mimi. Usiandike anavyosemwa na majirani zake. Ukishindwa hapo, hujalinganisha, umesengenya."

Aliiandika sentensi hiyo kwenye jalada la ndani la daftari lake. Nilifurahi, nikadhani tumepona.

Kilichokuwa hatarini hakikuwa kidogo. Shuleni kwetu kuna sheria ya zamani kuliko mimi: anayepata chini ya hamsini kwenye mtihani wa majaribio haandikishwi kufanya somo hilo mtihani wa mwisho. Wakuu wanakuja na kuondoka, sheria inabaki, kwa sababu inalinda wastani wa shule. Mhubiri alitaka chuo cha ualimu, na chuo kinataka masomo matatu. Alikuwa na matatu kamili, bila la akiba. Akilikosa langu, ndoto imekwisha, na mimi ndiye ningempelekea mdogo wangu habari hiyo.

Mtihani wa majaribio ukafika. Karatasi niliitunga mimi, na mwongozo wa kusahihishia ulikuwa wangu, yaani ule ule wa siku zote. Huuchapa karani wa shule, mwanamke mtulivu aliyekuwa mwanafunzi wangu mwaka wangu wa kwanza kazini, ambaye baadaye nilisikia kaolewa, kisha nikamkuta ofisini nyuma ya mashine. Hakosei hata mkato. Ukimpa karatasi yenye kosa, anakuuliza kwa upole kama ulikusudia hivyo.

Swali la saba lilikuwa la alama sita: linganisha mafundisho ya Wakatoliki na ya Walutheri kuhusu nafasi ya neema na matendo katika wokovu. Nilisahihisha karatasi thelathini na nane kwa siku mbili, mgongo ukanigeuka ubao. Ya Mhubiri niliifikia mchana wa siku ya pili, nikiwa nimechoka na hasira iko karibu. Swali la saba aliandika vizuri, mistari minane, bila kuhubiri hata neno moja. Lakini mwongozo ulitaka hoja zake, na hoja zake hazikuwapo. Mwongozo ulisema: kwa Wakatoliki mtu huokolewa kwa matendo mema na sakramenti, alama moja, hustahili wokovu kwa juhudi yake, alama moja. Kwa Walutheri ni neema pekee kwa njia ya imani pekee, alama moja. Matendo ni tunda tu la imani, alama moja. Pande hizi hazina mahali zinapokubaliana, alama mbili. Mhubiri alikuwa ameandika kwamba pande zote mbili zinafundisha kuwa neema ndiyo inayoanza na hakuna anayeweza kuistahili. Nikamkata nne, nikampa mbili za Walutheri. Jumla ikawa arobaini na saba.

Nilikaa na namba hiyo kama mtu aliyekalia msumari.

Walimu wenzangu wana kitu wanachokiita alama za huruma. Mtu akipungukiwa mbili au tatu, wanamsukuma. Miaka yote nimewasema kwenye vikao, nimewaambia mnawafundisha watoto kwamba kazi haina maana. Siku hiyo nilichukua kalamu nyekundu, nikaandika hamsini juu ya karatasi ya mtoto wa mdogo wangu, nikaifunika haraka na iliyofuata. Aibu niliyoisikia hainitoki hadi leo.

Utaratibu wetu ni kwamba karatasi zikirudishwa, mwanafunzi anajumlisha mwenyewe alama zake kabla hazijaingia kwenye orodha ya Mkuu. Dakika kumi hazijapita, Mhubiri yuko mbele ya meza yangu.

"Mwalimu, hesabu haitimii. Ni arobaini na saba."

Nilimwambia kwa sauti ya chini arudi kukaa. Hakurudi. Nikamtoa nje, tukasimama kando ya tangi la maji, na hapo hasira ikanipanda hadi kichwani. Nikamuuliza ana wazimu gani. Nikamwambia mwaka mzima ananihubiria kwamba neema ni bure, bure, bure, na siku anapopewa kitu cha bure anakirudisha mbele ya darasa.

"Neema ya Mungu ni ya Mungu, Mama mkubwa," alisema, akisahau kwamba tuko shuleni. "Yeye hana mtoto wa mdogo wake. Mle ndani kuna wawili wamepata arobaini na nane na hawalali kwako."

Nikabaki natazama tangi linavyovuja. Halafu akasema jambo la pili: alama zake nyingine zote ni haki yake, lakini swali la saba hakukosea. Nikamkata kauli. Nikamwambia amenichosha, kwamba mimi nimezaliwa kwenye kanisa hilo, nimebatizwa humo na nitazikwa humo, na hatakuja mtoto wa mlokole kunifundisha linafundisha nini.

"Nilimuuliza katekista wenu," akasema. "Nilikwenda parokiani kwako mara tatu. Si ulisema mwenyewe asome aseme ndiyo, huyu ni mimi? Nilimwandikia jibu langu, akalisoma, akasema ndiyo. Mwongozo wako nao mpe asome."

Nilimwambia aende darasani. Akaenda. Mimi nikabaki pale mpaka kengele ya kipindi kinachofuata, na kipindi chenyewe nikachelewa, kitu ambacho sijawahi.

Jioni nilitoa kitabu cha mafundisho ya kanisa langu kabatini. Nilikuwa nimekifunga nailoni tangu kipaimara cha mwanangu mkubwa, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kukandamiza vitambaa visikunjane. Nikakisoma mezani, miwani puani, nikitafuta mahali ambapo mwongozo wangu una haki. Sikupata. Nilichokikuta ni kwamba neema inatangulia kila kitu, hata ile hamu ya kumgeukia Mungu. Kwamba neema ya kwanza hakuna awezaye kuistahili. Kwamba mtu anaitikia kwa hiari na kushirikiana nayo, lakini hata huko kuitikia kunabebwa na neema. Kwamba matendo mema yanayofanywa ndani ya neema yana thawabu, na thawabu yenyewe ni Mungu kuzivika taji zawadi zake mwenyewe. Mtaguso wa Trento, ambao sisi walimu tunapenda kuutaja kana kwamba ulikusanyika kutetea matendo, katika kanuni yake ya kwanza kabisa kuhusu jambo hili unamkataa yeyote anayesema mtu anaweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema.

Mafundisho kwamba mtu hujiokoa kwa juhudi yake yana mwenyewe. Tunayafundisha muhula wa kwanza: ni ya Pelagio, na kanisa liliyapinga zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Luther kuzaliwa. Walutheri nao wanayakataa. Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa mwongozo wangu ulikuwa unawatwisha Wakatoliki kosa ambalo Wakatoliki wenyewe walilihukumu, na ulitoa alama mbili kwa kusema hakuna makubaliano, wakati mwishoni mwa karne iliyopita pande hizo mbili zilitia saini tamko la pamoja kuhusu jambo hilo hilo. Tofauti zipo, tena za kweli. Mlutheri anasema haki ya Kristo inahesabiwa kuwa yako, matendo yakifuata kama tunda, wala hayaongezi kitu kwenye haki hiyo. Mkatoliki anasema kuhesabiwa haki ni kusamehewa pamoja na kufanywa upya ndani, na kwamba haki hiyo inaweza kukua kwa matendo ya upendo. Hapo ndipo penye swali, na mimi sikuwahi kuwafikisha wanafunzi wangu hapo. Niliishia nao kwenye masengenyo.

Mwongozo sikuutunga mimi. Niliukuta kwenye droo ya mwalimu aliyenitangulia, nikaunakili kwa mwandiko wangu wiki ya kwanza kazini, nikiwa mgeni na mwoga, na tangu hapo niliuamini kwa sababu ulikuwa kwa mwandiko wangu. Nilikasirika mpaka nikataka kumtafuta huyo mwalimu, lakini alishafariki, na hata angekuwapo ningemwambia nini? Kila Jumapili nilisikia kweli kanisani, na kila Jumatatu nilitoa alama kwa kinyume chake. Binti alikuwa chumbani kwake akijifanya amelala. Sikumgongea.

Asubuhi nilikwenda kwa Mkuu na karatasi zote thelathini na nane. Nilimwambia mambo mawili: kwamba nilimwongezea mtoto wa ndugu yangu alama tatu za bure na nimezifuta, na kwamba mwongozo wangu una kosa. La kwanza alilielewa mara moja, akatikisa kichwa kwa furaha kidogo, maana siku zote nilikuwa nikimsuta yeye. La pili hakulitaka. Alisema orodha inakwenda leo. Akasema wakaguzi wakisikia, itakuwa habari. Akaniuliza, tena kwa adabu, kama naona jinsi inavyoonekana: binti wa nyumbani kwangu anapungukiwa alama tatu, na siku ya pili nagundua kosa lenye alama nne.

Niliona. Mtu yeyote angeona. Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna, kwamba mara moja katika maisha yangu nilikuwa na haki ya kutoa alama na nilikuwa mtu wa mwisho anayefaa kuzitoa. Nikamwomba asinipe mimi. Ampe Mchungaji, mwalimu wa dini wa shule jirani, Mlutheri wa kuzaliwa, ambaye binti hamjui na mimi tumegombana naye kwenye kila kikao cha somo kwa miaka minane. Asahihishe swali la saba peke yake, karatasi zote, majina yamefunikwa. Mkuu akafikiri, akasema sawa, kwa sharti kwamba hakuna atakayeshushwa, maana walioandika uongo waliandika waliyofundishwa. Sharti hilo liliniuma kuliko tusi, na lilikuwa la haki.

Mchungaji alikuja saa nne na chupa yake ya chai. Alisoma mwongozo wangu wa zamani, akanitazama juu ya miwani. Nilijiandaa kwa kicheko.

"Mimi wangu ni huu huu," akasema. "Ila nilikuwa najua si kweli. Niliuacha ulivyo kwa sababu ulitupamba sisi Walutheri."

Tuliandika mwongozo mpya kwa saa nzima, tukibishana kila nusu alama, kisha mimi nikatoka nje. Alimaliza saa nane mchana. Mhubiri alipata tano kati ya sita. Nusu alimkata kwa kutoeleza Walutheri wana maana gani wanaposema haki ya Kristo inahesabiwa, na nusu nyingine kwa neno alilolitumia bila kulifafanua. Jumla hamsini kamili. Kati ya wale wawili wa arobaini na nane, mmoja alipanda, kwa sababu alikuwa ameandika nusu mwongozo na nusu kweli. Mwingine alibaki pale pale. Yeye aliandika mwongozo wangu neno kwa neno, kwa utiifu, na alikuwa na alama zote sita tangu mwanzo. Alama alizopoteza zilikuwa kwingine. Nilikagua karatasi yake mara tatu nikitafuta pa kumwokoa. Hapakuwapo.

Nilimwambia Mhubiri kwenye korido. Hakuruka wala hakumsifu Bwana kwa sauti. Aliuliza habari za wale wawili, na nilipomwambia, akashusha macho, akasema asante Mwalimu, akaenda kumtafuta aliyebaki.

Kazi iliyosalia ilikuwa kuchapisha mwongozo mpya uingie kwenye jalada. Niliupeleka kwa karani nikiwa nimechoka, nikitaka kwenda nyumbani kulala. Ofisi yake ni chumba kidogo chenye dirisha moja, mashine, makabati mawili ya chuma na kiti cha mgeni kisichokuwa na mgongo. Nikakaa, nikaanza kumsomea. Alikuwa akichapa bila kutazama vidole. Nilipofika swali la saba, nikasoma sentensi ya kwanza, kwamba pande zote mbili zinafundisha kuwa wokovu unaanzishwa na neema ambayo mtu hawezi kuistahili. Vidole vikasimama.

Nikadhani hajasikia, nikarudia.

"Nimesikia," akasema. "Kwa hiyo ni sahihi?"

Nikamwambia ni sahihi, ule wa zamani ulikuwa na kosa. Akageukia dirisha.

"Mimi niliandika hivyo, Mwalimu. Mwaka ule wako wa kwanza. Baba yangu alikuwa katekista, alinifundisha mwenyewe. Nilipata arobaini na nane."

Nilijaribu kumkumbuka akiwa kwenye dawati. Nilimkumbuka mstari wa pili, upande wa ukuta, daftari safi. Karatasi yake sikuikumbuka. Niliwakata wengi mwaka ule, nilikuwa kijana na nilitaka waniogope. Nilimwambia nilisikia ameacha shule kwa sababu ya ndoa.

Akasema hapana, ndoa ilikuja baadaye. Kwanza lilikuja somo kuondolewa, kisha masomo mawili yaliyobaki hayakutosha chuo chochote, kisha baba akasema hakuna haja ya kuendelea kukaa bure. Aliyasema hayo yote bila kuninyooshea kidole, kwa sauti ile ile anayoniulizia mikato. Kisha akasema neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo.

"Kila mwaka nauchapa mwongozo wako. Kila mwaka nikifika swali la saba, nasema moyoni, kumbe nilikuwa mjinga kweli, na baba naye. Nilikuwa nafikiri sisi ndio tuliokosea."

Nilianza kusema mengi kwa pamoja. Nitakwenda kwa Mkuu. Kuna mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea. Nitamfundisha mimi kila siku baada ya kazi, sitaki shukrani. Nitaandika barua kwa nani sijui. Nitakwenda kwa baba yake nikapige magoti. Alinisikiliza hadi pumzi ikaniishia. Baba yake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Yeye ana watoto watatu na anaipenda kazi yake, alisema, na mtihani hautaki tena.

"Basi niambie nifanye nini," nikamwambia, na nilisikia sauti yangu imekuwa kali, kana kwamba yeye ndiye aliyenikosea. "Hata kitu kimoja."

"Hakuna, Mwalimu. Nimekusamehe. Tuendelee, ofisi inafungwa saa kumi."

Nilitamani anitukane. Naapa ningelipokea tusi kwa mikono miwili, ningeliweka mahali pake na kulipigia hesabu. Lakini hakuwa na la kuninunia, na mimi sikuwa na cha kumpa ambacho alikitaka. Nimefundisha neno neema miaka kumi na tisa, nikijua kulieleza kwa alama nne na kwa alama sita, na sikuwahi kujua kwamba linaweza kumkwama mtu kooni.

Nikaokota karatasi yangu nimsomee. Akanyoosha kiganja, akaniambia taratibu kwamba hapo hahitaji kusomewa, jibu lake analikumbuka. Akageukia mashine, akachapa mistari minane bila kusimama. Alipomaliza akaitoa karatasi, akanipa.

Niliisoma. Neema ilikuwapo, na kuitikia kwa hiari, na tunda la imani kwa Walutheri, na neno "ilhali" lilikaa mahali pake. Haki ya kuhesabiwa na haki ya kufanywa upya zilielezwa kwa sentensi mbili nyepesi kuliko zile nilizobishania na Mchungaji saa nzima. Nilitafuta nusu ya kukata, kwa mazoea tu, mkono umeshakwenda kwenye kalamu. Sikuipata.

"Ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia sita kwa sita.

Akatikisa kichwa, akavuta jalada, akaniwekea ukurasa wa mwisho mbele yangu, pale palipoandikwa mtungaji wa mwongozo. Nikamwambia aweke jina lake. Akasema fomu inataka jina la mwalimu wa somo, wakaguzi watahoji, nisimletee maneno. Akanipa kalamu yake, ya bluu. Nikatia saini, naye akaukunja mwongozo wa zamani mara mbili, akauliza kama auweke kwenye jalada au autupe.

Nikamwambia anipe mimi.